Miguu ikikakamaa usikimbilie baklofeni, kikunje kifundo mara mbili kwanza

Wadogo zangu mnaoanza wodini, wa fizio na nyie maintani, wiki iliyopita nimekuta tena faili limeandikwa "mgonjwa kakakamaa, aongezewe baklofeni" na nikimuuliza mgonjwa nani kakushika miguu leo ananiambia hakuna. Sa ngoja niwape habari ya mgonjwa mmoja wa huku kwetu Lindi ambaye kanifundisha haya mambo kuliko darasa, na makosa mengine humo ni ya kwangu mwenyewe.

Alikuwa mkwezi wa minazi upande wa Mchinga, miaka 40 na kidogo. Kaanguka, mgongo ukavunjika usawa wa T10, uti ukaumia ila haukukatika wote. Wiki za mwanzo miguu ilikuwa legelege kabisa, ukiinyanyua ukiiachia inadondoka. Wiki ya 6 mkewe akanikimbilia koridoni anacheka, "Dokta njoo uone, miguu imeanza kucheza, anapona!" Nikaenda, kweli inarukaruka, ukivuta shuka tu inapiga mateke. Nilimwelewa yule mama, na kumwambia kwamba hiyo sio kupona ilinichukua siku mbili kupata maneno.

Ni hivi. Mota nyuroni ya juu inatoka ubongoni inashuka kwenye uti, ya chini inatoka kwenye uti inaenda kwenye msuli. Yeye iliyoumia ni ya juu, ya chini kwa sehemu kubwa nzima. Uti ukiumia unapigwa butwaa kwanza, unanyamaza, ndo ule ulegevu wa mwanzo. Baadae unaamka. Ndani ya msuli kuna visensa vidogo vinavyopima msuli unavutwa kiasi gani na kwa spidi gani, vikivutwa vinapeleka taarifa kwenye uti, uti unajibu hapohapo "kaza", bila kuuliza ubongo. Mimi na wewe tunayo hiyo refleksi pia ila ubongo muda wote unatuma amri za kuituliza, kwake amri hazifiki. Ni kama mbwa ambaye mwenyewe kasafiri, anabwekea kila anayepita, ukipita taratibu ananguruma tu, ukikimbia anakufukuza. Hapo kwenye kukimbia ndo penyewe, maana yule daktari Lance alivyoielezea spastisiti, yaani huu ukakamavu wa refleksi, mwaka 1980 neno alilolibeba ni spidi, ukivuta haraka ndo inakaza zaidi.

Kwa hiyo kipimo hakihitaji mashine. Goti limenyooka, kunja kifundo kuelekea kwenye goti mara ya kwanza taratibu sana hadi pagome, pima nyuzi kwa goniomita, kisha mara ya pili kwa haraka uone pa kushtukia ni wapi. Mguu wake wa kulia taratibu ulipita nyuzi 90 ukaenda nyuzi 5 zaidi, haraka ukashtukia nyuzi 20 kabla ya 90, na kifundo kikaanza kutetemeka chenyewe dugu-dugu-dugu, hiyo ni klonasi. Wa kushoto, taratibu ukagoma nyuzi 10 kabla ya 90. Haraka? Palepale, karibu nyuzi zilezile.

Mguu wa kulia tatizo ni mbwa. Wa kushoto geti lenyewe limeshika kutu, kigimbi kimefupika. Alikuwa analala kauelekeza chini, blanketi zito juu, wiki kwa wiki, na msuli ukikaa umefupika hivyo zile pingili zake ndogo ndani zinapungua, nyama ngumu ya kuunganisha inaongezeka, hiyo ndo kontrakcha na hakuna kidonge kinachoirefusha. Blanketi lile nililiona kila asubuhi nikapita. Hilo ni langu.

Tukaanza baklofeni. Inafanya kazi ndani ya uti, inaiga kemikali ya mwili ya kutuliza inayoitwa gaba, inaizuia ile neva ya taarifa isimwage ujumbe wake na yenyewe mota nyuroni inakuwa ngumu kushtuka. Kwenye msuli haifiki kufanya lolote. Tulianza miligramu 5 mara 3 kwa siku, yaani nusu ya kile kidonge cha 10, tunapandisha kila baada ya siku 3, na figo mwangalie kwanza maana dawa inatokea huko, figo mbovu dozi ndogo tu inamlaza mtu kama kanywa pombe. Kwenye 10 mara 3 kulia kukatulia vizuri, usiku akaanza kulala. Tukajiona wajanja, tukampandisha 15 mara 3. Kesho yake tunamsimamisha kwenye fremu magoti yakamwachia, tukamdaka. Kumbe ule ukakamavu wa mapaja ndo alikuwa anausimamia! Tukamrudisha 10. Toka hapo kabla ya kutuliza kitu chochote namuuliza mgonjwa kwanza, hii inakusumbua wapi na inakusaidia wapi.

Halafu kuna siku miguu ikachachamaa ghafla, intani kashika kalamu anataka kupandisha dozi. Nikafunua shuka, mrija wa katheta umekunjika chini ya paja, kibofu kimejaa. Tukaunyoosha, mkojo ukatoka, baada ya nusu saa hivi miguu kimya. Ikibadilika ghafla tafuta kinachoichokoza, mkojo, choo kigumu, kidonda cha kulalia, hata ukucha ulioota ndani, kwa sababu mgonjwa hahisi vizuri ila uti unahisi.

Kunyoosha sasa. Ukivuta taratibu ukashikilia, refleksi inapoa kwa muda, inatosha kumvalisha au kumsimamisha, kwa hiyo panga mazoezi baada ya kunyoosha. Ila msijidanganye kwamba dakika chache za asubuhi zinarudisha msuli uliofupika, tafiti zilizojumlishwa zinaonyesha faida ni ndogo mno. Kinachosaidia ni masaa. Kushoto tukamfunga plasta kifundo kikiwa pale kinapofika bila kulazimisha, tunaibadilisha kila wiki tunaongeza kidogo, ngozi ya kisigino tunaikagua kila mara maana hahisi ikichubuka.

Akaruhusiwa. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, dawa zake alikuwa anatumiwa na kaka yake toka Dar, zikaisha. Siku ya pili homa, anaona watu ukutani, miguu imekauka kama mbao. Nyumbani wakasema majini, wakaita mtu wa kusoma. Nashukuru mkewe alikumbuka kopo tupu akalibeba hadi hospitali, daktari akaliona akaelewa, wakamrudishia dozi yake na kumlaza hadi akatulia. Baklofeni haikatwi ghafla, inashushwa kidogokidogo kwa wiki kadhaa, la sivyo degedege lipo. Hilo kwenye kuruhusiwa tulilisema mara moja, haraka, kwa mgonjwa peke yake. Siku hizi namwambia anayenunua dawa, na namhesabia vidonge mbele yake, kopo likibaki na vya siku 10 aanze kutafuta vingine.

Kifundo cha kushoto baada ya plasta 4 kilifika 90 kamili, hakijapita hapo. Kisigino kinagusa chini akisimama kwenye fremu aliyochongewa na fundi wa mtaani, nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, akiwa anawasimamia vijana wanaomkwelea minazi yake.