Jibu: Nukta ya mwanga ndani ya kivuli

"Kisahani kimeziba mwanga, sasa ile nukta inayong'aa katikati ya kivuli inatoka wapi?"

Inatoka ukingoni. Mawimbi ya mwanga hupinda kidogo yanapopita pale, na kwa kuwa ukingo ni duara, yote husafiri umbali uleule hadi katikati ya kivuli. Hufika kilele kwa kilele, yakaongezana nguvu. Ndiyo maana ukingo uliokwaruzika huififisha nukta.

Utamu ni kwamba mwanahisabati Mfaransa Poisson, muumini wa nadharia kwamba mwanga ni chembe, ndiye aliyeikokotoa mwaka 1818, akitaka kuonyesha kuwa nadharia ya mwanafizikia Fresnel, kwamba mwanga ni mawimbi, inaleta upuuzi. Mwanafizikia Arago akajaribu kwa kisahani cha chuma cha milimita 2, akaiona! Chembe zinazokwenda mstari mnyoofu zisingefika pale.