Mteja wa mayai amekata mguu: umwandikie nini?

Dada mmoja anayeuza mayai ya jumla Mbagala, Dar es Salaam, amenitumia meseji aliyotaka kumpelekea mwenye banda la chipsi aliyeacha kuagiza tangu mwezi uliopita. Ilisomeka hivi: "Mpendwa mteja, tumekukumbuka sana! Rudi sasa upate punguzo la asilimia 10 kwa kila trei." Nimemwomba asiitume, na kwa kuwa meseji za namna hii nazipokea hata mimi kila wiki, naona wengi tuna ugonjwa mmoja.

Tuanze na hesabu yake. Trei ya mayai 30 anaichukua shambani kwa shilingi 7,800. Bodaboda anamtoza 2,000 kwa trei 10, yaani 200 kila moja. Kwa hiyo trei ikifika bandani imeshamgharimu 8,000, naye anaiuza 9,000. Asilimia 10 ya 9,000 ni 900. Amebaki na shilingi 100, na yai moja tu likipasuka njiani limekula karibu 270. Hapo anafanya kazi ya kumlisha mteja, si biashara. Punguzo linaonekana dogo kwa sababu tunalipima kwenye bei, wakati linatoka kwenye faida.

Kosa la pili ni kwamba meseji haijauliza kitu. Imetoa zawadi kabla ya kujua kidonda kiko wapi. Kama kaka yule aliondoka kwa sababu ya mayai yaliyopasuka, punguzo linamwambia kwamba hukuona, au uliona ukanyamaza.

Kabla ya kuandika neno lolote, fungua daftari. Mteja huyu alikuwa akichukua trei 10 kila Jumatatu na trei 10 kila Alhamisi. Mtu wa namna hiyo akiruka mizunguko miwili mfululizo, inatosha kumwuliza; kusubiri mwezi ni kumpa muuzaji mwingine nafasi ya kuzoeleka. Mama wa keki anayechukua trei tatu kila mwisho wa mwezi ni habari nyingine, yeye akikaa wiki mbili kimya hajaenda popote. Pima kila mteja kwa mwendo wake mwenyewe.

Kisha pandisha mazungumzo yenu ya WhatsApp hadi oda ya mwisho. Mara nyingi jibu liko pale pale: "Dada haya ya leo madogo," na chini yake hakuna jibu lako. Mayai madogo yana sababu, kwa kawaida shamba limeanza kutoa ya kuku wachanga wanaotaga kwa mara ya kwanza, na kwa mtu wa chipsi mayai hilo ni jambo kubwa, maana sahani ya mayai mawili inaonekana pungufu. Mwulize na bodaboda wako. Yeye ndiye aliyesimama pale bandani, ndiye anayejua kama trei zilifika zimelowa utelezi, au kama siku hizi kuna trei za rangi nyingine zimepangwa kwenye kona.

Jambo la tatu la kuangalia ni deni, na hapa ndipo wauzaji wengi wa huku kwetu tunajidanganya. Mteja anayedaiwa hakimbii bidhaa yako, anakimbia uso wako. Anaona aibu kuagiza mzigo mpya wakati wa zamani haujalipwa, basi anavuka barabara na kununua kwa mwingine kwa fedha taslimu, fedha ambayo ingekuwa yako. Ukimwandikia "kwa nini umetupotea?" anasoma "nilipe".

Sasa meseji yenyewe. Itume kwake peke yake. Orodha ya matangazo ya WhatsApp humfikia tu mtu aliyehifadhi namba yako, na aliyekuacha huenda ameshaifuta. Isitoshe, meseji ya kundi inajulikana kwa macho. Ukitumia meseji ya kawaida ya simu, kumbuka kipande kimoja ni herufi 160, lakini ukiweka kijisura kimoja tu cha kucheka kinashuka hadi 70 na unalipia zaidi. Saa nzuri kwa mtu wa chipsi ni kama saa nne asubuhi, anapomenya viazi. Saa mbili usiku yuko kwenye karai, atasoma na kusahau.

Mwandikie hivi: "Habari za kazi kaka. Ni mimi wa mayai. Mzigo wa mwisho niliokuletea ulikuwa trei 10, Alhamisi ile ya mvua. Nahisi kuna kitu hakikukaa sawa. Yalikuwa madogo, yalipasuka, au nilichelewa? Niambie tu, nirekebishe."

Angalia kilichofanyika. Ukiuliza "kuna tatizo gani?" Mswahili mstaarabu atakujibu "hakuna shida dada, biashara imekuwa ngumu tu," kwa sababu hataki kukulaumu usoni. Ukimtajia makosa matatu yanayowezekana, umeshajilaumu wewe mwenyewe. Yeye anabaki kuchagua. Na zawadi haimo. Ukiiweka, atajibu zawadi na kuacha swali.

Akijibu "yalipasuka sita," usimwambie bodaboda ndiye mkosaji. Mwambie umefanya nini: trei zinafungwa tano tano badala ya kumi kwa mnara mmoja, na kila lililopasuka linafidiwa kwenye mzigo unaofuata. Hapo ndipo ofa inaingia, na iwe ya kumrudisha kwenye mazoea, si kumrudisha siku moja: "Ukichukua trei 10 mara nne kuanzia Jumatatu hii hadi mwisho wa mwezi, mara ya nne naongeza trei moja bure." Trei hiyo inamgharimu dada yetu 8,000, na trei 40 zimemwingizia faida ya 40,000, zimebaki 32,000. Lile punguzo la asilimia 10 kwa trei hizo hizo 40 lingemwachia 4,000. Taja tarehe ya mwisho waziwazi, maana "kwa muda mfupi" hugeuka kuwa bei mpya ya kudumu.

Akijibu kwamba amepata wa 8,700, usikimbilie kumfuata. Mwulize kwanza anachukua ngapi na analipa lini. Kwa trei 20 za wiki, fedha mkononi, faida ya 700 kwa trei bado ni 14,000. Kwa mkopo, mwache aende.

Na kama daftari lilionyesha deni, tuseme 45,000, meseji inabadilika kabisa: "Kaka, ile 45,000 isikuzuie kuagiza. Tuilipe 5,000 kila unapochukua mzigo, na mzigo mpya tuwe tunalipana papo hapo." Ni mara tisa, kwa mwendo wake ni kama mwezi mmoja. Trei ya bure usimpe huyu. Mkatie thamani yake kwenye deni mwishoni, atashukuru zaidi.

Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya siku saba, kwa sentensi moja, bila "umeniona?" wala alama za kuuliza tatu. Baada ya hapo nyamaza. Akirudi, mzigo wake wa kwanza ukague mwenyewe trei kwa trei, inua zile za juu uone za chini, kwa sababu yeye ataanzia huko huko chini.