Hotuba ya mhazini: pesa ipo benki, mbona ada haishuki?

Swali: Habari mtaalamu, mi ni mhazini wa shule, mkutano wa wazazi umekaribia na natakiwa nieleze ada inaenda wapi. Shida wazazi wameshaona salio la benki, wanasema shule imekalia hela, ada ipunguzwe. Hii akiba nawaelezaje bila kuwachanganya na mahesabu?

Jibu: Ndugu mhazini, akiba usianze nayo. Anza na mgawanyo wa ada, tena uugawe kwa mia, sio kwa jumla ya bajeti nzima, maana mia mzazi anaielewa papo hapo. Ntatumia shule ya mfano we weka namba zako. Kwenye kila 100 ya ada, 66 ni mishahara na makato yake, 19 ni uendeshaji wa kila siku yani umeme, maji, vitabu, usafi na bima, 10 ni matengenezo na 5 imepangwa iende akiba. Vipande vinne vinatosha, anayetaka undani mwandalie karatasi.

Kwenye mishahara usipite haraka, maana hapo ndo kuna sababu ya yote yanayofuata. Mshahara unatoka mara 12 kwa mwaka ila ada inaingia mara 3, na nyingi inaingia mwanzoni mwa muhula. Halafu mshahara haushuki pale watoto wanapopungua: wakiondoka 15 kutoka madarasa tofauti, hakuna darasa linalofungwa wala mwalimu anayepunguzwa, kwahiyo ada yao imeondoka lakini gharama karibu yote imebaki palepale.

Sasa ndo uje kwenye salio, na hapa nakushauri uwaoneshe muhula mmoja mzima, mwezi kwa mwezi. Shule ya mfano inatoza 1,200 kwa mwaka (ongeza sifuri zako), yani 400 kila muhula, muhula ni miezi 4 ukihesabu na likizo, na inatumia 95 kila mwezi. Mwezi wa kwanza inaingia 300, wa pili 60, wa tatu 20, na 20 iliyobaki wazazi wengine hawajalipa. Weka akiba pembeni kabisa ufuate hela ya muhula peke yake: mwezi wa kwanza unaisha na 205, wa pili 170, wa tatu 95, wa nne 0. Sifuri kamili, na hapo hakuna kitu chochote kilichoharibika, hakuna bomba lililopasuka, ni muhula wa kawaida tu.

Chukua sasa hiyo shule ina akiba ya 285 na ina 60 zilizochangwa kwa ajili ya basi. Mzazi akiliona salio mwisho wa mwezi wa kwanza anakuta 550 (205 jumlisha 285 jumlisha 60), na ni haki yake kushtuka, maana hiyo ni karibu nusu ya ada ya mwaka mzima. Kwahiyo kwenye hotuba uligawe hilo salio mbele yao, sema hivi:

"Wazazi wenzangu, salio mliloliona ni 550 na ni kweli. Ndani yake 205 ni ada mliyolipa juzi, ndiyo itakayolipa walimu na umeme hadi muhula uishe. 60 ni mchango wenu wa basi, hatuna ruhusa ya kuigusa kwa kazi nyingine. Akiba ya shule ni 285 peke yake, inatosha kuendesha shule miezi 3 tu kama hakuna hata senti inayoingia."

Baada ya hapo waoneshe nini kingetokea bila hiyo 285, maana wengi hawajawahi kukiona. Ada ya muhula ni ileile 400, ila wazazi wanachelewa kidogo na 20 zaidi inavuka hadi muhula unaofuata: mwezi wa kwanza inaingia 240 badala ya 300, wa pili 80, wa tatu 40, wa nne hakuna. Salio linakwenda 145, 130, 75, halafu mwezi wa nne linadondoka kwenye hasi 20. Yani kuchelewa tu, tena kwa sehemu ndogo ya ada, kunatosha mshahara wa likizo usitimie. Hapo shule isiyo na akiba inakopa kwa riba, au inamchelewesha mwalimu, au inakula ile 60 ya basi kimyakimya, na hii ya mwisho ndo mbaya kuliko zote kwasababu haionekani mpaka siku ya kununua basi. Ukitaka kujua shule yako imefika huko, linganisha salio la chini kabisa la mwaka na jumla ya michango maalum. Salio likiwa chini ya michango, basi tayari mnaishi kwa hela isiyo ya kuendeshea shule.

Kuna jambo jingine naomba usilifiche hata kama linaudhi. Ile 5 ya akiba kwenye kila mia ni 60 kwa mwaka, sasa angalia ada isiyolipwa: 20 kila muhula mara mihula 3, nayo ni 60. Zinalingana! Kwenye bajeti akiba inakua kila mwaka, benki haikui hata kidogo, na isipokuja siku hayo madeni yakalipwa itabaki hivyohivyo. Mzazi akikuuliza kwanini akiba haijaongezeka wakati kila mwaka inawekewa fungu, jibu ni hilo, na lisemwe kwa jumla tu, usitaje mwenye deni wala darasa lake. Hata ada ikilipwa yote, kuifikisha 285 kutoka sifuri kwa 60 kwa mwaka ni karibu miaka 5, ndo maana kuitumia kushusha ada mwaka mmoja ni kosa: punguzo linaisha mwaka huohuo, mwaka unaofuata ada inarudi pale ilipokuwa, na akiba haipo tena.

Ila wazazi nao wana hoja na uikubali. Akiba isiyo na kikomo ni kweli ni hela yao iliyokaliwa. Miezi 3 ya matumizi ni kipimo kinachotumika sana lakini sio sheria, shule ambayo ada inalipwa kwa wakati inaweza kukaa na pungufu, yenye majengo chakavu inahitaji zaidi. Nenda mkutanoni na karatasi moja iliyopitishwa na bodi: kiwango cha chini mfano miezi 2, cha juu miezi 4, nani anaidhinisha kuitoa (isiwe mhazini peke yake wala mkuu wa shule peke yake), na ikitolewa itarudishwa ndani ya muda gani. Kisha uandike wazi kwamba ikipita miezi 4, yani 380 kwa shule yetu ya mfano, ziada inaletwa kwenye mkutano wa wazazi na kazi yake inaamuliwa palepale, iwe paa, maabara au kutopandisha ada mwaka unaofuata.