Kengele ya vidonge: kali au legevu?

"Natumia vidonge vya uzazi wa mpango. Ni lazima niweke kengele ya saa ileile kila siku?"

Inategemea aina ya kidonge, dada. Waone marafiki hawa wawili:

Neema: Simu yangu hulia saa 2 usiku hata nikiwa kwenye daladala, mbele za watu.

Zuhura: Mimi humeza nikishapiga mswaki. Jumamosi huweza kufika saa 6.

Neema: Mimi nanyonyesha, vyangu vina homoni moja pekee, projestini. Nikichelewa kwa zaidi ya saa 3, nameza papo hapo, kisha kondomu siku 2.

Zuhura: Vyangu vina homoni mbili, vinavumilia saa chache. Nikisahau viwili mfululizo ndipo natumia kondomu siku 7.

Neema: Basi utaratibu wako ungeniletea mimba.

Zuhura: Na wako ungenichosha, ningeanza kuzima kengele bila kumeza.

Hilo la kuzima bila kumeza hutokea sana, kwa hiyo hesabu vidonge vilivyobaki kwenye karatasi yake. Vya projestini aina ya desogestreli huvumilia saa 12, kwa hiyo mwonyeshe mfamasia pakiti yako kabla hujachagua utaratibu wa kengele.