Chanjo za mtoto njiti: wiki sita zinaanza siku aliyozaliwa

"Naombeni msaada. Mwanangu alizaliwa tarehe 3 Machi 2025, mimba ikiwa na wiki 30. Makadirio yalikuwa nijifungue tarehe 12 Mei. Ana kilo 1.8 sasa na tumeruhusiwa juzi. Mama mkwe na jirani mmoja ambaye ni nesi mstaafu wanasema chanjo za wiki sita nihesabu kuanzia Mei, kwamba kwa sasa mtoto 'bado hajazaliwa'. Nihesabu vipi?"

Dada, hesabu kuanzia tarehe 3 Machi. Wiki sita zinatimia Jumatatu tarehe 14 Aprili, na siku hiyo mpeleke kliniki na uzito wake huohuo.

Hao wanaokuambia Mei hawajalitoa hewani. Mtoto njiti kweli ana umri wa aina mbili. Umri uliorekebishwa, yaani unaohesabiwa kuanzia tarehe ya makadirio, hutumika kupima ukuaji: lini atakaza shingo, lini atakaa, uzito wake uko wapi kwenye ule mchoro wa kadi. Tarehe 12 Mei, kwa ukuaji, mwanao atahesabiwa kama kichanga wa siku moja, na hakuna atakayeshangaa kwamba hacheki. Shida inaanza pale hesabu hiyo inapohamishiwa kwenye sindano, kwa sababu chumba ni kilekile, kadi ni ileile, na mara nyingi nesi ni yuleyule.

Chanjo haifuati hesabu hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza, kinga ya mtoto huanza kujifunza anapotoka tumboni na kukutana na vijidudu vya duniani. Siku 42 za kuishi nje zimemfundisha, hata kama kwa mimba angekuwa bado na wiki nne mbele. Ya pili ndiyo nzito zaidi. Kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma kwa wingi katika miezi mitatu ya mwisho, hasa wiki zile za mwishoni kabisa. Wako alitoka wiki ya 30, kwa hiyo akiba aliyobeba ni ndogo kuliko ya mtoto aliyetimiza miezi. Ukimsogeza mpaka Mei unamwacha bila kinga muda mrefu zaidi, na yeye ndiye kifaduro na nimonia vitamuumiza kuliko wenzake. Ni kweli kwamba mwili wa njiti wakati mwingine huitikia chanjo kwa nguvu pungufu kidogo, lakini dawa yake ni kukamilisha dozi zote kwa wakati.

Tuweke tarehe mezani. Dozi za wiki ya sita (Penta ya kifaduro na magonjwa mengine manne, PCV ya nimonia, matone ya polio na Rota ya kuhara) ni 14 Aprili. Za wiki ya kumi ni 12 Mei. Umeona? Siku ile ambayo jirani anataka uanze kuhesabu ndiyo siku ya dozi yake ya pili. Za wiki ya 14 ni 9 Juni. Surua-Rubela ya miezi tisa ni 3 Desemba 2025, na ya miezi 18 ni 3 Septemba 2026. Ukifuata makadirio, dozi ya kwanza ingeangukia 23 Juni, ikiwa imechelewa wiki kumi kamili.

Kuna jambo moja ambalo hali ya mtoto huamua kweli, nalo ni BCG, chanjo ya kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani linasema njiti wa zaidi ya wiki 31, mwenye afya na aliyetulia, anaweza kuchomwa akizaliwa au asipite siku ya kuruhusiwa. Wa wiki 30 kama wako kwa kawaida husubiri atulie kwanza. Angalia kadi: kama sehemu ya BCG iko wazi, waambie tarehe 14 Aprili wamchome siku hiyohiyo pamoja na zile nyingine, haizuii kitu. Matone ya polio ya kuzaliwa, kama yalipita wiki mbili bila kupewa, usiyafukuzie. Anaanza na yale ya wiki ya sita.

Kliniki huenda ukakutana na mtu atakayemtazama na kusema "huyu mdogo mno, mrudishe akifika kilo mbili na nusu." Kwa Penta na PCV hakuna kipimo hicho cha kilo. Muulize kwa upole ni ugonjwa gani anaouona leo, kwa sababu mtoto anayenyonya, asiye na homa kali na anayepumua vizuri anachanjwa. Kosa lingine, baya zaidi kwa sababu linajificha, ni kupunguza dozi. Dozi ni ileile, mililita 0.5 kwa kila sindano ya Penta na PCV, ndani ya msuli wa paja upande wa mbele-nje. Mwili mdogo hubadilisha urefu wa sindano tu: badala ya ile ya milimita 25, kwa mtoto mdogo sana huweza kutumika ya milimita 16. Nusu dozi haihesabiwi na italazimu kurudiwa. Na hakikisha kwenye kadi, na kama wanatumia mfumo wa kompyuta basi na humo pia, tarehe ya kuzaliwa imeandikwa 3 Machi. Nesi akiandika 12 Mei mara moja, miadi yote itakayofuata itapotoka yenyewe.

Kwa wanaosoma hapa ambao watoto wao bado wamelazwa: siku ya 42 ikifika mtoto akiwa wodini, uliza kama sindano zinaweza kuletwa kutoka kliniki ya hospitali hiyohiyo. Wodi nyingi hazihifadhi chanjo, na mama huambiwa tu "utapata ukitoka", wiki zinapita. Rota na matone ya polio hospitali nyingi huyaacha mpaka siku ya kuruhusiwa, kwa kuwa virusi vyake hai hutoka kwenye choo na jirani wa kitandani ni njiti mwingine. Waliozaliwa wiki ya 28 au kabla, ni vizuri dozi ya kwanza ipatikane wodini na kupumua kwao kufuatiliwe saa 48 hadi 72, maana baadhi husimama kupumua kwa muda mfupi baada ya sindano. Ikitokea hivyo, dozi ya pili nayo ipewe hospitalini. Haifutwi.

Nyumbani, usiku wa Penta homa ndogo ni kawaida. Paracetamoli usimpe kwa kufuata umri ulioandikwa kwenye chupa, ile haikumfikiria mtoto wa kilo mbili. Omba wakuandikie mililita kwa uzito wake kabla hujaondoka. Akikataa kunyonya, akilegea, midomo au ulimi ukiwa wa bluu, au akisimama kupumua, hiyo si "homa ya chanjo", kimbilia hospitali usiku huohuo.

Na kama kuna mama ameshachelewa kwa hesabu ya makadirio, haanzi upya. Mtoto apewe zote anazostahili siku atakayofika, kisha dozi inayofuata baada ya wiki nne, na nyingine wiki nne tena. Surua-Rubela inabaki miezi tisa ya kuzaliwa, hata kama zile za mwanzo zilichelewa.