Kuongeza mwendo kila kilomita: hesabu ya kilomita 10

"Nilikimbia kilomita 10. Ya kwanza dakika 6:00, kisha kila kilomita nikapunguza sekunde 5. Nilitarajia 59:10, saa ikaonyesha 56:15. Saa imeharibika?"

Salama mkuu. Saa yako ni nzima. Umetoa sekunde 5 mara kumi kwenye saa nzima, lakini punguzo hujilimbikiza: kilomita ya pili unaokoa 5, ya tatu 10, ya nne 15, hadi ya kumi 45. Jumla ni sekunde 225, yaani 3:45. Toa kwenye 60:00, unabaki na 56:15.

Mimi hutumia njia ya mkato. Kilomita ya mwisho ni 6:00 kutoa 45, yaani 5:15 (hatua ni tisa, si kumi, hapo ndipo wengi hujikwaa). Jumlisha ya kwanza na ya mwisho, gawa kwa mbili: wastani 5:37.5 kwa kilomita. Zidisha kwa kumi.

Ukiwa njiani, angalia kilomita ya 5: unapaswa kusoma 29:10, na nusu ya pili itachukua 27:05. Ukisoma 28:30 umewahi mno. Niliwahi kufanya hivyo, kilomita ya nane nikawa natembea.

Ukitaka 55:00, wastani ni 5:30. Ongeza nusu ya zile 45, yaani sekunde 22.5, anza na 5:52 au 5:53, umalizie karibu na 5:08.