Amenyamaza, lakini hajatulia

Dada muuzaji wa vitenge Kariakoo anabishana na mteja kuhusu chenji. Sauti inapanda, mikono inatetemeka, anapumua juujuu na kujibu kabla hajaulizwa. Bosi anaingia na kumfokea mbele ya watu. Ghafla dada ananyamaza. Macho yako kwenye kaunta, vidole vya baridi, akiitwa anachelewa kuitika. Wenzake wanasema, "Afadhali, ametulia."

Hajatulia. Mwaka 1999 Daniel Siegel, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliandika kuhusu dirisha la ustahimilivu: kiwango ambacho mtu anaumia, anakasirika au anaogopa, lakini bado anaweza kufikiri na kuongea. Ukivuka juu ya hapo umezidiwa, mwili unataka kupigana au kukimbia. Ukishuka chini yake mwili unazima: ganzi, uzito, kichwa kitupu. Dada huyu alipita juu, kisha akadondoka chini.

Kumtambua, muulize jambo dogo: "Asubuhi umekunywa chai na nini?" Aliyetulia atakutazama na kujibu, pengine na kuongeza neno. Aliyezidiwa atakujibu kwa haraka au kwa ukali. Aliyezima atakawia, kisha aseme "sijui" kwa sauti isiyo na mpando wala mshuko.

Aliyezidiwa anahitaji kushushwa. Avute pumzi kwa kuhesabu nne, aitoe taratibu kwa sita hadi nane, kwa dakika mbili tatu. Asivute kwa nguvu. Hewa nyingi kupita kiasi ndiyo inayoleta kizunguzungu na ganzi ya midomo. Kama kuhesabu kunamshinda, asukume ukuta kwa viganja sekunde kumi, apumzike, arudie. Suala la chenji lisubiri.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kumpa aliyezima dawa hiyohiyo: "Kaa, fumba macho, vuta pumzi." Anazama zaidi, kwa sababu anayehitaji kuamshwa anazidi kutulizwa. Mwache macho wazi. Aanze kuchezesha vidole, akanyage sakafu kwa nguvu, asimame akiweza, atembee hadi mlangoni penye mwanga. Ataje rangi tano anazoziona kwenye vitenge, anuse limau au atafune kipande cha tangawizi. Usimshike bila kumwomba ruhusa, na usimharakishe.

Akianza kurudi, huenda akatetemeka, akalia au akakasirika. Ndugu wengi huogopa hapo na kumwambia anyamaze, na hivyo humrudisha chini. Kutoka shimoni mara nyingi hupitia juu kwanza. Sasa ndipo ile pumzi ndefu ya kutoa inafaa. Na wapo ambao moyo unakimbia huku mwili umeganda. Kwao tunaanza na macho na miguu, pumzi baadaye.

Maumivu ya kifua, kuzimia, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili ni mambo ya hospitali mara moja, si ya mazoezi haya. Na mtu aliyezima kwa wiki kadhaa, asiyelala au asiyekula vizuri, aonwe na wataalamu; Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Akitaja kutaka kufa, apelekwe siku hiyohiyo, tena asiachwe peke yake njiani.